Sura ya 4: Mtoto Aliyepitwa na Usingizi

Mtu mzima akikesha, usiku unaofuata hulala fofofo. Ndiyo maana wazazi wengi huamini kwamba mtoto akinyimwa usingizi wa mchana ataulipa usiku. Mama anamwagiza mlezi asimwache mtoto alale baada ya saa 9 alasiri, akitumaini kwamba jioni wataweka kichwa chini wote. Jioni inapofika, mtoto analia kwa nguvu, anajipinda mgongo, anakataa ziwa na chupa, na baada ya kubembelezwa kwa muda mrefu analala dakika arobaini kisha anaamka akipiga kelele. Asubuhi anaamka kabla ya kila mtu.

Katika fleti za Alief, kusini-magharibi mwa Houston, malalamiko haya ni ya kawaida sana. Hapo kuna familia za Kikongo, Kikenya, Kitanzania na Kirundi, na wengi hufanya kazi za zamu: ghalani, hospitalini, kwenye nyumba za wazee, hotelini. Mtoto huamshwa na saa ya kazi ya mzazi, hubebwa kwenye gari, huachwa kwa mlezi, huchukuliwa jioni, kisha hupokewa nyumbani na ndugu ambao hawajamwona kutwa nzima. Katika mzunguko huo usingizi wake hukatwakatwa bila mtu yeyote kukusudia. Halafu inasemwa kwamba mtoto huyu hapendi kulala.

Kuelewa kinachotokea kunahitaji kujua mambo mawili yanayoendesha usingizi wa binadamu. Mtafiti wa Uswisi Alexander Borbély aliyaeleza pamoja mwaka 1982, na mpaka leo maelezo yake ndiyo msingi wa fani hii. La kwanza ni shinikizo la usingizi. Tangu tunapoamka, ubongo unaofanya kazi hujikusanyia kemikali, mojawapo ikiwa adenosini, na kadiri inavyoongezeka ndivyo macho yanavyokuwa mazito. Tukilala, mzigo huo hupungua. La pili ni saa ya mwili, ambayo hufuata mwanga na giza na kutuambia lini tuwe macho hata kama tumechoka.

Kwa mtoto mchanga, shinikizo hujaa upesi mno. Ubongo wake unakua kwa kasi, kila sauti na kila uso ni jambo jipya, na chombo cha kuhifadhia uchovu bado ni kidogo. Mtoto wa wiki tatu anaweza kujaa kwa dakika 45 tu. Saa ya mwili nayo bado haijakamilika: mdundo wa homoni ya giza, melatonini, huanza kuonekana vizuri kati ya miezi 2 na 3. Kabla ya hapo mtoto hajui mchana wala usiku, na si haki kumlaumu.

Kama shinikizo lingekuwa peke yake, kumchelewesha mtoto kungemsaidia kulala. Lakini mwili una mfumo mwingine, ule wa tahadhari. Mtoto anapozuiwa kulala wakati usingizi umeshafika, mfumo huo hushika usukani ili aendelee kuwa macho: moyo huenda mbio, misuli hukaza, na homoni za msukosuko kama kotisoli na adrenalini huhusishwa na hali hiyo. Mtoto anaonekana amepata nguvu mpya. Anacheka kwa sauti ya juu, anarusha miguu, anataka kuchezewa. Wazazi husema, tazama, hana usingizi kabisa. Kumbe usingizi umemruka. Dakika ishirini baadaye kicheko kinageuka kilio, na sasa kumtuliza ni kazi ya kupambana na mwili uliokwisha kuwashwa.

Msukosuko huo hauishi mtoto anapofumba macho. Usingizi wa mtoto mchanga huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 50, mifupi kuliko ya mtu mzima, na mwisho wa kila mzunguko anakaribia kuamka. Mtoto aliyelala akiwa ametulia hugeuka kidogo, akaguna, akaingia mzunguko unaofuata. Aliyelala akiwa amechachamaa hufika kwenye mpaka huo na kuamka kabisa. Hapo ndipo zinapotoka zile dakika arobaini za jioni na kuamka kila baada ya saa moja au mbili usiku.

Athari za kukosa usingizi wa mchana zimepimwa kwa watoto wakubwa kidogo. Mwaka 2012, timu ya Monique LeBourgeois na wenzake huko Marekani ilichapisha matokeo kuhusu watoto wa miezi 30 hadi 36 waliofanywa wakose usingizi mmoja tu wa mchana. Walionyesha furaha pungufu mbele ya picha za kupendeza, na walipopewa fumbo lisiloweza kukamilika walihangaika zaidi kuliko siku waliyolala. Usingizi mmoja tu. Mtoto wa miezi mitano anayekosa usingizi kila siku ya kazi hana hata maneno ya kulalamika.

Sasa, bibi zetu hawakuhesabu dakika, na watoto walilala. Hoja hii husemwa sana Alief na inastahili jibu la heshima. Katika miaka ya 1970, Charles Super na Sara Harkness waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis magharibi mwa Kenya, wakachunguza namna watoto wanavyolala. Watoto wa pale walishinda mgongoni mwa mama au mwa dada mkubwa, wakasinzia usingizi ulipowajia huku kazi zikiendelea, na usiku walilala ubavuni mwa mama wakinyonya kila walipogutuka. Hawakulala usiku kwa mkupuo mrefu kama watoto wa Kimarekani waliolinganishwa nao, na hakuna aliyeona hilo ni tatizo, kwa kuwa mama hakulazimika kuamka saa 11 alfajiri kuwahi zamu.

Kwa mtoto wa Kokwet mlango wa usingizi ulikuwa wazi mchana kutwa. Hakuhitaji mtu akumbuke kwamba muda wake umefika. Alilegea tu kwenye mbeleko. Mtoto wa Alief hulazwa kwenye kitanda chake, na mtu mzima ndiye anayeamua lini alazwe. Kwa hiyo mtu mzima lazima ajue muda. Kuhesabu vipindi vya kuwa macho ni kazi iliyochukua nafasi ya mgongo wa dada, na kwa maoni yangu mzazi anayeifanya hajaacha mila yoyote. Anampa mtoto kitu kilekile kwa njia nyingine.

Kipindi cha kuwa macho huhesabiwa tangu mtoto anapofumbua macho hadi anapoyafumba tena. Kunyonya, kubadilishwa nepi, kuoga na kubembelezwa vyote vimo ndani yake. Wengi hukosea hapa: wanasikia saa mbili, wanaanza kumwandaa saa mbili zinapotimia, na mtoto analala zikiwa saa mbili na nusu. Maandalizi yaanze dakika kumi na tano au ishirini kabla.

Katika wiki sita za kwanza kipindi hicho ni kati ya dakika 45 na saa moja, na mara nyingi kunyonya na kubadilishwa nepi vinakimaliza chote. Miezi miwili hadi mitatu hufika saa moja au moja na nusu. Mwezi wa nne hukaribia saa mbili. Miezi mitano na sita ni saa mbili hadi mbili na nusu, na mtoto hulala mchana mara tatu au nne. Kati ya miezi sita na tisa wengi hubaki na usingizi wa mara mbili, wakikaa macho saa mbili na nusu hadi tatu na nusu. Anapokaribia mwaka ni saa tatu hadi nne. Kisha, kati ya miezi 13 na 18, usingizi wa asubuhi hufa na unabaki mmoja wa baada ya chakula cha mchana. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ahesabiwe umri tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Namba hizi zimetokana zaidi na uzoefu wa kliniki kuliko majaribio, kwa hiyo zichukuliwe kuwa mahali pa kuanzia. Kilicho imara zaidi ni jumla ya usingizi wa siku nzima. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitangaza mwaka 2016 kwamba mtoto wa miezi 4 hadi 12 anahitaji saa 12 hadi 16 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo, na wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14. Kwa walio chini ya miezi minne hawakutoa namba yoyote, kwa sababu watoto hao hutofautiana mno. Ukitazama upana wa saa 12 hadi 16 utaona kwa nini mtoto wa jirani si kipimo.

Tumchukue mtoto wa miezi mitano anayeishi na wazazi wake karibu na barabara ya Bissonnet. Saa zote nitazitaja kwa Kiswahili, kwa hiyo anayesoma simu ya Kimarekani aongeze au apunguze sita. Anaamshwa saa 12 na robo asubuhi. Saa 1 na nusu yuko garini kuelekea kituo cha kulea watoto, na barabarani anasinzia dakika 12. Kanuni za Texas zinamtaka mlezi amtoe mtoto aliyelala kwenye kiti cha gari na kumlaza kitandani mapema iwezekanavyo, na kanuni hiyo ni ya kuokoa maisha, kwa sababu kichwa kikiinamia kifua njia ya hewa inaweza kuziba. Lakini anapohamishwa anaamka. Mlezi ameambiwa mtoto amelala njiani, basi anamwacha acheze.

Hizo dakika 12 ndizo zinazoharibu siku. Zimepunguza shinikizo kiasi cha kumfanya asilale mara moja, ila hazikumpumzisha. Saa 4 na robo, baada ya saa nne tangu alfajiri, analazwa akiwa amekwisha chachamaa, analia dakika 25, analala 35. Alasiri analala dakika 40 nyingine. Mama anamchukua saa 10 na nusu, foleni ni ndefu, anasinzia robo saa. Nyumbani kuna wageni na televisheni. Baba anafika saa 2 na nusu usiku na ana hamu ya kumbeba. Saa 3 mtoto anapelekwa kulala, analia karibu saa nzima, anapata usingizi saa 3 na dakika 50, anaamka saa 4 na dakika 40, kisha kila baada ya muda mfupi hadi kunapambazuka. Jumlisha yote: hajafika saa 10, na anahitaji 12 au zaidi.

Wazazi hawa hawawezi kubadili zamu, lakini kuna mambo matatu wanayoweza kubadili. Kwanza, njiani asubuhi mtoto asisinzie. Safari ni fupi. Dada yake anayekaa nyuma anaweza kumwimbia, kumshikisha kidoli, kumgusa miguu. Mama naye anamwambia mlezi kwa ufasaha, au anamwandikia kwenye karatasi: ameamka saa 12 na robo, tafadhali alazwe saa 2 kamili. Kanuni hizohizo za Texas zinataka kila mtoto mchanga aachwe afuate mpangilio wake wa kulala na kuamka, kwa hiyo mama haombi upendeleo. Akilazwa saa 2, amekaa macho saa moja na dakika 45, na anaweza kulala hadi saa 3 na dakika 20. Kutoka hapo siku inajipanga: usingizi wa pili kuanzia saa 5 na dakika 20 hadi saa 6 na nusu, wa tatu kuanzia saa 8 na dakika 45 hadi saa 9 na nusu.

Pili, kusinzia kwa jioni garini kuachwe kufanyike, kwa sababu sasa kunasaidia. Kutoka saa 9 na nusu hadi wakati wa kulala usiku ni mbali mno kwa umri wake, na dakika 20 kuanzia saa 10 na dakika 45 zinamvusha. Wakifika, atolewe kwenye kiti papo hapo. Asiachwe garini hata dakika moja kwa hofu ya kumwamsha. Katika joto la Houston gari lililofungwa huua mtoto, na limewahi kuua wengi Texas.

Tatu, alale usiku saa 1. Hapa ndipo familia huvutana, na baba mwenye hamu ya mwanawe ana haki ya kusikilizwa. Lakini mtoto wa saa 2 na nusu usiku anayekutana naye ni mtoto aliyezidiwa, anayelia mikononi mwake. Asubuhi, saa 12 na robo, mtoto yuleyule ametulia na anacheka. Baba akichukua dakika arobaini za asubuhi, amchangamshe, ambadilishe, ampe chupa, atampata mtoto mwenyewe. Mwezi Juni jua la Houston huzama karibu saa 2 na dakika 25 usiku, hivyo chumba kitahitaji pazia zito au blanketi nene iliyopigiliwa dirishani, mbali na kitanda.

Kwa mpango huu mtoto analala mchana takriban saa tatu na nusu, na usiku saa kumi na moja, akiamka mara moja au mbili kunyonya, jambo ambalo katika miezi mitano ni la kawaida. Usitarajie hayo usiku wa kwanza. Siku mbili tatu za mwanzo bado ana deni na bado ataamka akilia.

Swali gumu zaidi ni hili: mtoto anakataa kulala kwa sababu amechoka mno au kwa sababu hajachoka bado? Kilio peke yake hakisemi. Tazama namna anavyolala na namna anavyoamka. Ambaye hajachoka huwekwa kitandani akabaki anachezea vidole, anaongea peke yake, anaanza kulalamika baadaye kwa uchovu wa kukaa tu. Akilala, huamka mapema lakini ana uso mzuri. Aliyepitwa hulia mara mgongo unapogusa godoro, hujipinda, husukuma kifua cha anayembeba, kisha huzimika ghafla na kuamka muda mfupi baadaye akiwa na hasira. Wa kwanza aongezewe dakika 15 za kuwa macho, wa pili apunguziwe 15, na badiliko hilo lishikwe siku tatu kabla ya kugusa tena. Anayebadili kila siku hataona chochote.

Dalili za mapema ni za kimya, ndiyo maana hupitwa kwenye nyumba yenye watu wengi. Mtoto huacha kutazama uso wa mtu, hukodolea macho ukutani, mikono hupungua kasi, nyusi huwa nyekundu au nyeusi zaidi. Hapo ndipo pa kuinuka. Kupiga miayo na kufikicha macho huja baadaye kidogo, na kilio huja mwisho. Baada ya miezi sita dalili hudanganya zaidi, kwa sababu mtoto hupiga miayo kwa kuchoshwa na mchezo, na hapo saa inaaminika kuliko uso.

Mtoto ambaye kwa kawaida hulala vizuri na ghafla anakataa achunguzwe kwanza kama anaumwa: sikio, mafua, tumbo. Aliye chini ya miezi mitatu mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi apelekwe kwa daktari mara moja, bila kusubiri asubuhi.

Mzazi aliyechoka naye huwa hatarini. Kilio cha saa 7 usiku humfanya mtu aketi kwenye sofa na mtoto kifuani, na sofa ni mahali pabaya kuliko pote pa kusinzia naye. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani husisitiza mtoto alazwe chali, kwenye godoro gumu na tambarare, bila mto, blanketi wala midoli, katika chumba cha wazazi lakini kwenye kitanda chake. Mbeleko bado ni nzuri sana kwa kusinzia mchana, mradi anayebeba yuko macho na wima, na pua ya mtoto haijafunikwa.

Jumamosi za harusi na Jumapili za ibada ndefu haziwezi kuondolewa katika maisha ya Alief, wala sioni sababu ya kuziondoa. Mtoto wa chini ya miezi sita anaweza kulala mgongoni pembeni ya ukumbi, mbali na spika. Aliyevuka mwaka mmoja hulala kwa shida kwenye kelele, na ni bora mzazi mmoja aondoke naye mapema. Kesho yake asilazimishwe kurudi kwenye ratiba kwa nguvu: kipindi cha kwanza cha asubuhi kifupishwe kwa dakika 15 hadi 30, na usiku alazwe nusu saa kabla ya kawaida. Wazazi wengi huogopa kwamba akilala mapema ataamka mapema. Kwa mtoto mwenye deni la usingizi mara nyingi hutokea kinyume, na huchelewa kuamka.